Kutoka inchi za ujazo hadi lita: Mustang ya 1968 iliyoandikwa "302"

Fomu aliyokuja nayo mzee ilikuwa na kosa moja tu, lakini lilinichekesha kabla halijanitisha. Kwenye sehemu ya ukubwa wa injini, mtu aliyemjazia alikuwa ameandika cc 302. Gari lenyewe ni Ford Mustang ya 1968, V8, kijana wake amemtumia kutoka Amerika. Kwa hesabu ya fomu ile, mzee alikuwa ameingiza nchini pikipiki ya wastani yenye milango miwili na boneti ndefu.

"Fundi, mbona unacheka? Si ndivyo ilivyoandikwa kwenye injini?"

Kweli ndivyo ilivyoandikwa. Juu ya kifuniko cha ea klina kuna stika yenye 302. Aliyejaza hakubuni kitu, alinakili. Asichojua ni kwamba Waamerika wa miaka ile walipima injini kwa inchi za ujazo, na namba hiyo haina uhusiano na cc mpaka uibadilishe. Kubadilisha kwenyewe ni kuzidisha mara moja. Kazi inayokula siku ni kuhakikisha kwamba namba uliyoanza nayo ndiyo ya injini iliyomo ndani ya gari. Nitaeleza yote mawili kwa gari hilohilo la mzee.

Hesabu yenyewe

Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili. Inchi moja ya ujazo ni kijisanduku chenye inchi moja kwenda mbele, moja kwenda pembeni na moja kwenda juu. Kwa hiyo 2.54 inaingia mara tatu:

```
2.54 × 2.54 × 2.54 = 16.387064
```

Maana yake inchi moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 16.387, na sentimita ya ujazo ndiyo hiyo cc. Ukishapata cc, gawa kwa 1000 upate lita. Kwa stika ya mzee:

```
302 × 16.387 = 4948.874 cc
4948.874 ÷ 1000 = 4.95 lita
```

Kama huna kikokotoo, gawa inchi kwa 61. Lita moja ina inchi za ujazo 61.02, hivyo 302 kwa 61 ni 4.95, jibu lilelile kwa matumizi ya kawaida. Mimi hutumia 61 ninapokuwa sokoni naangalia injini iliyokatwa na muuzaji ananisubiri, na 16.387 ninapoandika kwenye karatasi ya mtu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuzidisha kwa 2.54 mara moja tu, kwa sababu ndiyo namba ya inchi anayoikumbuka kutoka shule. Akifanya hivyo kwa 302 anapata 767, na kwa kuwa 767 inafanana na cc za kigari kidogo, anaiamini. Namna ya kujikamata ni kugawa jibu kwa idadi ya silinda. 767 kwa silinda nane ni cc 96 kila moja, pungufu ya nusu ya glasi ya chai, kwenye injini ambayo bloku yake watu wawili wanaiinua kwa shida. Ile 302 ya kwenye fomu ilikuwa mbaya zaidi: cc 38 kwa silinda, hata finjani ya muuza kahawa haijai. Jibu sahihi linatoa takribani cc 618 kwa silinda. Chupa ya maji ya nusu lita ukiimimina mle ndani haijazi. Kwa injini za petroli za Kimarekani za zama zile, ukipata chini ya cc 350 kwa silinda, rudia hesabu kabla ya kuendelea.

Si kila namba ya gari ni ukubwa wa injini

Kabla ya kuzidisha chochote, jiulize namba umeitoa wapi. Mtego mbaya kuliko yote kwa watu wa huku kwetu ni Land Rover. Nyuma ya gari la zamani unasoma 109, na 109 kweli ni inchi, ila ni inchi za urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukizidisha 109 kwa 16.387 unapata cc 1786, namba inayoonekana ya kweli kabisa, wakati injini ya petroli iliyokuwa ya kawaida kwenye gari hilo ni cc 2286. Hapo hata kipimo changu cha kugawa kwa silinda hakikuokoi, kwa sababu 1786 kwa silinda nne ni jibu la heshima tu.

Volvo 122 nayo ni jina. Peugeot 404 ni jina. Chrysler 300 ya 1955 ilipewa namba hiyo kwa sababu ya nguvu za farasi 300, injini yake ilikuwa ya inchi 331. Namba ya kuamini ni ile inayoambatana na maandishi CID, au cu. in., au neno zima la Kiingereza la inchi za ujazo, na iwe kwenye injini au kwenye kitabu cha gari, si kwenye mkia wa bodi.

Namba ya biashara na namba ya kweli

Hapa ndipo mzee aliponikatiza. "Kijana wangu anasema hiyo ni faivu pointi zero. Wewe unaniambia nne pointi tisini na tano. Nani mwongo?"

Hakuna mwongo, ila kuna watu watatu wanaokadiria, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza ni kiwanda kilipoiita injini 302. Ujazo wa injini hupatikana kwa kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na idadi ya silinda:

```
kipenyo × kipenyo × 0.7854 × mwendo × silinda
```

Hiyo 0.7854 ni robo ya pai, ndiyo inayogeuza mraba kuwa duara. Silinda ya Ford 302 ina kipenyo cha inchi 4.00 na pistoni inatembea inchi 3.00:

```
4 × 4 × 0.7854 × 3 × 8 = 301.59
301.59 × 16.387 = 4942 cc
```

Kwa hiyo 302 ni 301.59 iliyokadiriwa kwenda juu. Tofauti kati ya 4949 niliyoipata kwa stika na 4942 ya vipimo ni cc 7. Siku zote tarajia tofauti ya namna hiyo, kwani nusu inchi ya ujazo ni cc 8 hivi, na jina la inchi nzima linaweza kuficha hadi hapo. Kwa V8 haina madhara. Kwa gari dogo inaweza kuwa na madhara, hasa kama ada au bima inabadilika kwenye cc 2000. Injini ya Ford Pinto iliyoitwa 122 ukiizidisha unapata 1999, umeponea kwenye ukingo. Vipimo vyake vya kiwandani ni cc 1993. Ukiwa karibu na mpaka wa namna hiyo usitumie jina la inchi, tafuta kipenyo na mwendo kwenye kitabu cha ufundi upige hesabu kamili.

Mtu wa pili ni yule anayeweka lita kwenye beji. 4942 ukiikata kwa desimali moja ni 4.9. Ford wenyewe walipoanza kuandika lita, Mustang ya 1979 yenye 302 iliwekwa beji ya 5.0. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na injini nyingine ya silinda sita kwa mstari, inaitwa 300, ambayo ina cc 4917 na ndiyo iliyopewa 4.9 kwenye pikapu zao. Mbili zile zimepishana cc 25, kiasi cha vijiko vitano vya chai, lakini hazichangii hata gaskiti moja ya hedi.

Wa tatu ni sisi wateja, tunaochukua beji tukairudisha kuwa inchi. Chukua 5.0 uzidishe kwa 61.02, unapata 305. Na 305 ipo! Ni V8 ya Chevrolet, yenye cc 5001. Nimeshamwona mtu ameagiza gaskiti za Chevrolet kwa ajili ya Ford kwa hesabu isiyo na kosa lolote. Kutoka inchi kwenda lita unaweza kwenda salama. Kurudi kutoka beji ya lita kwenda inchi usijaribu.

Je, injini iliyomo ni hiyo inayoandikwa?

Gari la miaka zaidi ya hamsini limepita mikono mingi. Stika ya ea klina inauzwa mpya, na kifuniko kinahama kutoka gari hadi gari kwa nati moja ya kipepeo. Kwa hiyo stika nimeitumia kufanyia mazoezi ya hesabu tu, sasa tuiweke kando.

Nilianza na namba ya chasisi. Kwenye Mustang ya 1968 ipo kwenye bamba la mlango wa dereva, na imegongwa pia kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, unaiona boneti ikiwa wazi. Inaanza hivi: 8 ni mwaka wa 1968, herufi inayofuata ni kiwanda, tarakimu mbili ni aina ya bodi, kisha inakuja herufi ya injini. Ya mzee inasoma 8R01C. R ni kiwanda cha San Jose, California, 01 ni bodi ya kupe, na C ni 289 ya kabureta ya midomo miwili. Ingekuwa 302 ya kabureta ya namna hiyo, pangekuwa na F.

Mwaka 1968 ndio mwaka ambao 289 ilikuwa inatoka na 302 inaingia, zote ziliuzwa kwenye gari hilihili. Kwa nje ni ndugu pacha. Kipenyo cha silinda ni kilekile inchi 4.00, bloku ina urefu uleule, hedi zinaingiliana. Kilichobadilika ni mwendo wa pistoni: 289 inatembea inchi 2.87 na 302 inchi 3.00.

```
4 × 4 × 0.7854 × 2.87 × 8 = 288.52
288.52 × 16.387 = 4728 cc
```

Yaani gari lilitoka kiwandani likiwa na lita 4.7, na sasa lina stika ya 4.9. Ama stika inadanganya, ama injini imebadilishwa. Mzee alinyamaza. Nilimwambia tusijaze fomu yoyote kwanza.

Hatua ya pili ni namba iliyosubuliwa kwenye bloku. Ford waliweka namba hiyo pembeni ya bloku, juu ya stata, upande wa kulia. Toa stata, sugua kwa brashi ya waya na dizeli kidogo, mulika kwa tochi ya pembeni ili herufi zitoe kivuli. Ukimulika moja kwa moja huoni kitu. Herufi ya kwanza ni muongo: C ni miaka ya sitini, D ni miaka ya sabini. Tarakimu inayofuata ni mwaka. Ukiona 6015 katikati, hiyo ni namba ya Ford ya sehemu iitwayo bloku, usiichukue kuwa ukubwa.

Yetu ilianza na D4DE. Miaka ya sabini, mwaka wa nne: 1974. Namba hii inataja mwaka ambao umbo hilo la sehemu lilichorwa, hivyo bloku yenye D4 inaweza kuwa imemwagwa 1974 au miaka iliyofuata, lakini haiwezi kuwa imemwagwa 1968. Na 289 ilikuwa imeshaachwa. Injini si ya kuzaliwa nayo gari hili, na bloku yake ni ya 302.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Ila ujazo hautokani na bloku peke yake. Kinachoamua mwendo wa pistoni ni krenki, na krenki ya 289 inaingia kwenye bloku ya 302 bila manung'uniko, kwa sababu hawa ni ndugu kama nilivyosema. Kwa hiyo tulishusha sampu, ambayo hata hivyo ilikuwa inavuja. Kwenye mojawapo ya mabawa mazito ya krenki kuna alama iliyosubuliwa: 1M ni ya 289, 2M ni ya 302. Tulisoma 2M. Basi.

Kwa nini nashikilia jambo la krenki namna hii? Angalia konrodi. Za 289 zina urefu wa inchi 5.155, za 302 ni 5.090. Tofauti ni 0.065, ambayo ni nusu kamili ya tofauti ya mwendo wa pistoni. Krenki ya 302 inainua pistoni juu zaidi kwa 0.065, konrodi imefupishwa kwa kiasi hichohicho, ndipo pistoni inafika palepale juu ya silinda. Ukiwa umeandika 289 kwa kufuata namba ya chasisi, ukaagiza konrodi za 289 na kuzifunga kwenye krenki ya 302, pistoni itachomoza zaidi kwa milimita 1.65. Itakutana na hedi.

Kupima mwenyewe

Ikiwa alama hazisomeki, au injini ni ya kampuni ambayo huna kitabu chake, kinachobaki ni kupima. Wengi hutia kijiti kwenye tundu la plagi, wanazungusha krenki kwa spana, wanaweka alama kijiti kikiwa juu na kikiwa chini. Kwa injini ambayo plagi imesimama wima juu ya pistoni, njia hiyo inakupa jibu la kuridhisha. Kwa Ford hizi haifai. Tundu la plagi limelala kwa pembe, kijiti kinaingia kimshazari na kinateleza juu ya pistoni. Unachotafuta ni tofauti ya milimita 72.9 na 76.2, yaani milimita 3.3, na mshazari huo peke yake unaweza kuimeza.

Sisi tulikuwa na sababu ya kutoa hedi moja, gaskiti ilikuwa inapitisha maji. Ukiwa na hedi nje, kazi ni rahisi. Zungusha krenki mpaka pistoni ifike juu kabisa, tumia mkia wa venia kupima kutoka uso wa bloku hadi uso wa pistoni. Teremsha pistoni chini kabisa, pima tena palepale. Toa ndogo kwenye kubwa. Usidhani kwamba juu ni sifuri, kwani pistoni nyingi haziufikii uso wa bloku. Yetu ilikuwa chini ya uso kwa milimita 0.4, na ilipofika chini kabisa ilisoma 76.6, hivyo mwendo ni 76.2. Pima juu ya mstari wa pini ya pistoni, maana pistoni hucheza kama bembea kwenye pini, na ukipima pembezoni mchezo huo unaingia kwenye kipimo.

Kipenyo kina ujanja wake. Silinda haichakai sawasawa. Inaliwa zaidi pale ringi ya juu inapogeukia, karibu na juu, na kuacha mdomo mwembamba ambao ringi haijawahi kuugusa. Mdomo huo ndio uliobaki na kipenyo cha tangu mashine ilipochonga. Kwaruza kaboni, pima hapo, kisha pima tena ukiwa umezungusha venia robo duara. Ukipima palipoliwa unaweza kuongeza milimita 0.2, na kwa V8 hii hiyo ni cc 19 za uchakavu unazoziita ukubwa wa injini.

Nilitarajia 101.6, ambayo ndiyo inchi 4.00. Venia ilisoma 102.36.

Nilipima silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Ileile. Nikafuta uso wa pistoni kwa kitambaa chenye petroli, na chini ya masizi ikatokea 030. Maana yake injini hii imeshawahi kuchongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi, kipenyo kikaongezeka kwa inchi 0.030, yaani milimita 0.76. Sasa hesabu, safari hii kwa sentimita ili jibu litoke moja kwa moja kwa cc:

```
10.236 × 10.236 × 0.7854 × 7.62 × 8 = 5016 cc
```

Lita 5.0. Kijana wa mzee alikuwa sahihi hatimaye, ingawa kwa sababu asiyoijua.

Angalia kipimo unachochanganya hapo. Ukipima kwa milimita, geuza kwanza kuwa sentimita kwa kugawa kwa 10, kipenyo na mwendo vyote viwili. Ukiacha milimita unapata namba ya milioni tano, nayo si kosa la kutisha, gawa tu kwa 1000 upate cc. Ukichanganya kipenyo cha inchi na mwendo wa sentimita, hapo hakuna wa kukuokoa. Na tukishapima kwa sentimita, 16.387 haina kazi tena. Nimemwona fundi mwenzangu akiizidisha mwishoni kwa mazoea.

Namba ipi iende wapi

Kwa gari moja sasa tuna 4728, 4942, 4949 na 5016. Zote zina ukweli wake, na kila moja ina mahali pake.

4728 ni ya gari lilivyozaliwa. Ndiyo itakayotoka kwa mtu yeyote atakayesoma namba ya chasisi na kuifungulia kitabu. 4942 ni ukubwa wa kiwandani wa injini iliyomo sasa, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuandika panapoulizwa ukubwa wa injini, pamoja na maelezo kwamba injini imebadilishwa. Ukiandika 4942 kimyakimya wakati chasisi inasema 289, mkaguzi anayejua Mustang atakuuliza, na ni afadhali swali hilo ulitangulie. 4949 inatosha kwa makadirio na mazungumzo, kwa sababu imetokana na jina lililokadiriwa. 5016 ni ya gereji: ndiyo utakayoitumia kuchagua jeti za kabureta, na yule 030 aliyeizaa ndiye atakayetajwa wakati wa kuagiza ringi. Ringi za 302 ya kawaida kwenye silinda ya 102.36 zitaacha pengo kubwa mno kwenye ncha zake, na gari litakula oili tangu siku ya kwanza.

Mzee aliniuliza kama hiyo 030 inatakiwa itangazwe kwenye fomu. Nilimwambia aulize anakopeleka fomu, mimi nampa kipimo na sababu yake, nao waseme wanataka ipi. Kisha nikachukua peni ya rangi nyeupe nikaandika upande wa ndani wa boneti, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze upya na stika ya ea klina:

302, bloku D4DE, krenki 2M, ovasaizi 030. Kiwandani cc 4942, sasa cc 5016. Si 289.